Alama ya Kutoa

Ofisi ya Bi Mizani ilikuwa juu ya ukumbi wa matanuri, ngazi kumi na nne za chuma, na dirisha lake lilikuwa limepigiliwa misumari. Si adhabu, jamani, ni unga. Thubutu ufungue dirisha ndani ya kiwanda cha biskuti, kabla ya saa nne kompyuta ni nyeupe pe, na wewe nyusi zako zimezeeka. Kwa hiyo alikaa humo na joto la matanuri likimpanda kutoka miguuni, harufu ya vanila imeganda hata kwenye mkoba wake, na pumzi anayovuta ni ile ile aliyoitoa asubuhi.

Jina hilo alipewa na wapakiaji wa taka. Wiki yake ya kwanza alikataa kusaini risiti ya lori mpaka lirudi kwenye mizani, na liliporudi ikaonekana dereva alikuwa ameongeza magunia mawili ya mchanga ili taka zionekane nyingi. Wapakiaji walicheka hadi wakakaa chini. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina la wazazi wake, labda karatasi ya mshahara tu.

Kazi yenyewe, ukimuuliza mtu wa mtaani, ni kuhesabu takataka. Basi, ndiyo hiyo. Ila hesabu yake ina mkia. Kila taka inapimwa kwa tani, halafu unauliza imekwenda wapi, kwa sababu kila njia ya kutupa ina namba yake ya kuzidishia. Pale kiwandani waliiita kizidishi. Biskuti zilizoungua na unga ulioharibika vikizikwa dampo, huko chini hakuna hewa, vinaoza na kutoa methani, gesi inayoipasha dunia joto mara nyingi kuliko hewa ukaa. Kizidishi chake basi ni kikubwa: kila tani moja, sifuri nukta saba. Plastiki ikichomwa kwenye tanuri la taka, karibu kaboni yake yote inapanda juu: kila tani, mbili nukta nne. Unazidisha tani kwa kizidishi, njia moja baada ya nyingine, unajumlisha, unapata tani za gesijoto ambazo kiwanda kimeitupia dunia mwaka huo kupitia taka zake. Hesabu ya darasa la tano, alipenda kusema. Maneno hayo yalikuja kumtokea puani.

Maana mwaka ule jumla ilitoka nzuri kupita kiasi. Taka za chakula tani mia sita na ishirini kwenda dampo, zikatoa mia nne thelathini na nne. Taka mchanganyiko zikaongeza tisini. Plastiki iliyochomwa, sabini na mbili. Hapo ni mia tano tisini na sita. Halafu maboksi, tani mia moja na ishirini zilizopelekwa kuchakatwa upya, yakaingia na alama ya kutoa mbele yake: kila tani, kutoa tatu. Yakafuta mia tatu na sitini nzima nzima. Jumla ikabaki mia mbili thelathini na sita.

Meneja alipoiona karatasi ile alisimama kwenye kiti chake. Alikuwa mtu mfupi, mkarimu, mwenye kuamini namba kuliko alivyoamini watu. Karatasi ikabandikwa getini na sahihi ya Bi Mizani chini yake. Ikasemwa kwamba mkaguzi wa nje akishaipitisha, mkataba wake wa miezi sita sita utakwisha na atapewa barua ya ajira ya kudumu. Barua ilikwisha chapwa, ilikuwa kwenye droo ya meneja. Mumewe, dereva wa masafa marefu, alipopigiwa simu alipiga ukelele mpaka wenzake wakadhani amepata ajali.

Jumatatu moja meneja aliwaita wakuu wa idara, akasimama mbele ya ubao na kusema, "Nimefikiri. Kama kila tani ya maboksi inatupunguzia tani tatu, tunangoja nini?"

Biskuti za kiwanda kile huokwa upande huu wa barabara na kufungwa upande wa pili. Kuvuka, hubebwa ndani ya kreti za plastiki, kreti elfu tano, ambazo kila siku hurudi, huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa, huvuka tena. Kuna kreti pale zilizovuka barabara hiyo kwa miaka minane. Meneja alitaka ziondoke. Badala yake, maboksi ya kutumika mara moja, kisha yafungwe marobota, yapelekwe kuchakatwa. Tani mia mbili zaidi za maboksi kwa mwaka. Alizidisha mwenyewe ubaoni, akatoa, akapigia mstari jibu: kutoa mia tatu sitini na nne.

"Mnaelewa maana yake?" alisema. "Taka zetu zitaanza kuisafisha dunia! Na chumba cha kuoshea kreti tunakifunga mwisho wa mwezi."

Watu walipiga makofi. Bi Mizani naye alipiga, kwa uchache, kwa sababu ndani ya chumba cha kuoshea kreti kulikuwa na wanawake kumi na mmoja, na mkubwa wao alikuwa wifi yake.

Huyu wifi, dada wa mumewe, ndiye mwenye nyumba walimokaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye maji yale ya moto, viganja vyake vimekakamaa na kupoteza mistari. Ni yeye aliyevichukua vyeti vya Bi Mizani, akavifuta vumbi, akavipeleka mwenyewe kwa meneja na kumwambia, "Huyu ni mke wa mdogo wangu, anajua namba, msimpoteze." Fomu ya kazi walijaza pamoja juu ya meza ya kulia.

Jumanne Bi Mizani alikaa kutengeneza makadirio ya mwaka ujao kama alivyoagizwa. Kwenye mstari wa maboksi ilitakiwa aandike mia tatu na ishirini. Kidole kikateleza, sifuri ikaongezeka, ikawa elfu tatu na mia mbili. Jumla ikaporomoka mpaka kutoa elfu tisa na nne.

Aliangalia. Kwanza akacheka, maana ilichekesha: eti kiwanda kikitupa maboksi mchana kutwa, kikinunua mapya na kuyatupa bila hata kuyatumia, kinaweza kufuta uchafu wa mji mzima. Halafu kicheko kikamkauka. Aliondoa sifuri. Jumla ikapanda. Akaongeza tani kumi za maboksi. Ikashuka. Akaongeza tena. Ikashuka tena.

"Wee mama wee," alinong'ona.

Hesabu ya taka haiwezi kumzawadia mtu kwa kutupa. Alifungua ukurasa wa vizidishi, ambao hakuugusa tangu siku alipoujaza. Vizidishi vitatu vilitoka kwenye jedwali moja, lile la kuhesabia gesi za kampuni. Cha nne, cha maboksi, kilitoka kwingine. Akakumbuka vizuri sana: siku ile ukurasa wa karatasi na maboksi haukufunguka, akatafuta mahali pengine, akakuta namba, akainakili, akaenda kunywa chai. Jedwali alilochota lilitengenezwa kwa swali lingine kabisa. Lenyewe huuliza: una tani ya maboksi mkononi, uizike au uichakate, ipi ni nafuu? Kwa swali hilo linahesabu hata miti ambayo haikukatwa mahali pengine, na ndiyo maana linatoa alama ya kutoa. Lakini miti hiyo si ya kiwanda cha biskuti. Kwenye hesabu ya kampuni, boksi linalokwenda kuchakatwa unalihesabia safari yake tu, sifuri nukta sifuri mbili kwa tani. Huruhusiwi kutoa kitu.

Akaibadilisha. Maboksi yakawa mbili nukta nne. Jumla ya kweli: mia tano tisini na nane nukta nne. Zaidi ya mara mbili ya ile iliyobandikwa getini.

Na kreti? Akapiga na hiyo. Maboksi mapya yangeongeza tani nne tu kwenye hesabu ya taka, sawa, ni kidogo. Lakini kuyatengeneza yale mapya tani mia mbili kila mwaka kungeongeza kama mia na sitini kwenye hesabu nyingine, ya vitu vinavyonunuliwa, ambayo hakuna aliyeiangalia. Kreti zilikuwa bora. Zilikuwa bora siku zote. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wanafukuzwa kwa sababu yeye alikwenda kunywa chai.

Sasa ungedhani angeinuka pale pale. Ngazi kumi na nne, kulia, mlango wa meneja. Aliinuka kweli. Akafika mlangoni kwake mwenyewe, akashika kitasa, akaiona ile barua ya kudumu ndani ya droo kama vile droo ni ya kioo. Akamwona mumewe akipiga ukelele. Akarudi kukaa. Akarudisha na alama ya kutoa mahali pake, akajiambia ni kwa muda tu, mpaka apate namna nzuri ya kusema.

Jioni chakula hakikupita.

"Leo wametuambia," wifi alisema, akimpakulia. "Mwisho wa mwezi. Eti maboksi ni safi kuliko sisi."

"Pole, wifi."

"Pole ya nini, wewe umenifukuza?" Wifi alicheka kidogo. "Ila huyo aliyepiga hiyo hesabu, siku moja akae na mimi anipigie na yangu. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, kazi anayoijua ni kreti. Jibu linatoka ngapi?"

Bi Mizani akasema kichwa kinamwuma.

Ikawa hivyo kila jioni. Jumatano wifi alisema, "Aliyepiga hesabu labda hata kreti hajawahi kuishika." Ijumaa alisema, "Au amekosea. Watu wanakosea, si kitu, mtu anasema nimekosea." Bi Mizani aliinama kwenye sahani akihesabu punje, akijikaza kisabuni, na akimaliza anaharakisha kuosha vyombo ili asibaki meza moja na yule mwanamke. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na haikuwa na pa kwenda. Kazini dirisha la misumari, nyumbani wifi. Njiani tu ndiko alikopumua, na njia yenyewe dakika ishirini. Alikuwa amekalia kuti kavu na kila siku alijisogeza mbele zaidi kidogo. Mimi sitamtetea. Angeweza kusema siku yoyote kati ya hizo tisa.

Tumaini lake akaliweka kwa mkaguzi. Akija, ataona mwenyewe. Ndiyo kazi yake kuona. Kosa likionekana na mtu mwingine si sawa na kulisema mwenyewe, alijidanganya, na kwa hilo akapata usingizi kidogo.

Mkaguzi alikuja Alhamisi ya wiki ya pili, kijana mpole wa miwani, kavaa buti za kiwanda zilizompwaya. Alifanya kazi, tusimseme vibaya. Alichomoa risiti ishirini za mizani bila kuchagua, akalinganisha na jedwali, zote zikalingana, kwa sababu Bi Mizani kwa tani hana mchezo. Akaenda kuona marobota. Akapanda ngazi, meneja nyuma yake, wakajibana watatu ndani ya kile chumba cha joto.

"Na vizidishi?" aliuliza. "Nipitie viwili."

Mkaguzi akachagua taka za chakula, kwa sababu ndizo nyingi. Sawa. Akachagua plastiki ya kuchomwa, kwa sababu kizidishi chake ni kikubwa. Sawa. Akasogeza kishale cha kompyuta chini, kikasimama juu ya maboksi.

"Hii ina alama ya kutoa."

"Ndiyo," alisema Bi Mizani.

"Ni ya kuchakatwa upya?"

"Ndiyo."

"Vizidishi vyote ni vya chanzo kimoja?"

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi, mpana, na mtu ameushikilia kabisa. Meneja alikuwa akitabasamu.

"Chanzo kimoja," alisema Bi Mizani.

Mkaguzi akatazama saa yake, akaweka alama ya vema, akasaini.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa meneja. Msiniulize kwa nini Ijumaa aliweza na Alhamisi hakuweza. Labda kwa sababu uongo wa kunyamaza unabebeka, ule wa kusema ukamshinda. Aliingia bila kubisha, akasema yote kwa mkupuo, kidole kwenye karatasi: jedwali hili, jedwali lile, alama ya kutoa, mia tano tisini na nane nukta nne.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza maswali mawili, yote ya maana. Kisha akavua miwani, akajipangusa uso.

"Ulijua lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Siku kumi." Alivuta trei ya karatasi, akatoa risiti ya mizani, akaisukuma juu ya meza. "Hii ilikuwa inakuja kwako."

Bi Mizani aliisoma. Plastiki ngumu, tani tisa na nusu. Njia: kuchakatwa upya. Tarehe ya jana, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata mkaguzi hajavaa buti. Kreti elfu tano, kila moja kilo moja na gramu mia tisa.

"Mwisho wa mwezi, ulisema mwisho wa mwezi," alisema.

"Mwenye mashine ya kusaga alikuwa na nafasi jana. Nikaona tuwahi." Meneja hakumwangalia. "Zimeshakuwa chembechembe. Ungeniambia wiki iliyopita, ningesimamisha. Ungeniambia juzi saa kumi jioni, ningesimamisha. Wallahi ningesimamisha, mimi sina ugomvi na kreti."

Alifungua droo, akatoa ile barua, akaiweka kando ya risiti.

"Sasa nisikilize. Namba imekwisha sainiwa. Ndiyo mwaka wetu wa msingi, kila mwaka tutapimwa kwa hiyo. Ukiiacha, barua hii hapa, chukua. Na kila mwaka utakaa pale juu na kuilinda. Ukitaka kuirekebisha, mwandikie mkaguzi, sikuzuii, ila wenye kiwanda wataniuliza nilisagia nini kreti zao, na mimi nitawaonyesha sahihi iliyo chini ya karatasi. Mkataba wako unakwisha mwezi ujao."

Alipanda ngazi kumi na nne. Akakaa. Kwanza aliingiza risiti, maana ilikuwa kazi yake: plastiki ngumu, tani tisa nukta tano, kuchakatwa upya, mara sifuri nukta sifuri mbili. Sifuri nukta moja tisa. Miaka kumi na tisa ya wifi yake, na jedwali halikutikisika. Akalia, bila kujificha, na chini waokaji waliokuwa wakimwona kupitia kioo wakageuza nyuso zao.

Kisha akaondoa alama ya kutoa. Akaandika chanzo sahihi pembeni, akamwandikia mkaguzi mistari sita: nilikudanganya, vyanzo ni viwili, jumla ni hii. Akatuma. Hakujisikia mwepesi hata kidogo.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Wifi alikuwa amekaa sebuleni anakunja sare zake, ya bluu juu ya bluu, kwa sababu Alhamisi wale kumi na mmoja waliachiwa chumba kitupu wakisafishe, jioni yake wifi hakulitaja, na Ijumaa asubuhi wakaambiwa warudi makwao.

Bi Mizani hakukaa. "Wifi, aliyepiga hesabu ile ni mimi."

"Najua," alisema wifi.

"Nilikosea. Nilichukua kizidishi kisicho chake. Kreti zenu zilikuwa sawa, zilikuwa bora. Leo nimemwambia meneja, nimemwandikia na mkaguzi."

"Leo."

"Ulijuaje kama ni mimi?"

"Sahihi yako iko getini, na fomu yako ya kazi si tulijaza wote? Hiyo niliijua toka mwanzo, wala haikunisumbua. Kazi ni kazi." Wifi alilaza mkono wa sare, akaunyoosha kwa kiganja. "Kwamba umekosea nilijua ile Jumanne ulipoacha chakula."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza kila jioni." Sauti yake haikupanda. "Nilikaa hapo, nikakupakulia, nikakuuliza. Nikakuambia watu wanakosea, si kitu. Nikasema huyu ni wangu, atasema, nisimharakishe, nisije nikamwaibisha mbele ya watu wake wa ofisini."

Bi Mizani akakaa.

"Alhamisi asubuhi niliwahi kufika," alisema wifi. "Walinikuta mlangoni na lori. Wakaniomba nisaidie kupakia, maana najua zinavyopangwa zisidondoke. Nikapakia kreti mia tatu kwa mikono hii huku naangalia ngazi za ofisini kwako, nasema labda atatokea."

Akabeba sare zake akaingia chumbani.